Uso Uliokunjwa na Jua

Fundi aliyenifundisha kupiga picha alikuwa na sheria moja aliyoitamka kama sala: jua liwe mgongoni kwako, usoni kwa mteja. Kazi aliianza enzi za filamu, kamera ikiwa na njaa ya mwanga na kila picha ikiwa imehesabiwa, ukikosea umekosea. Ndiyo maana ukifunua albamu za wazee wa Kilosa utakuta ukoo mzima, kuanzia babu mpaka mtoto wa mgongoni, umefinya macho na kukunja uso. Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wa zamani walikuwa wakali sana. Kumbe walikuwa wanatii maagizo ya mpiga picha.

Nilirithi kibanda chake karibu na soko, na sheria nikairithi vilevile bila kuihoji. Kamera yangu ni ya kisasa na haina njaa hiyo tena, lakini mkono uliofunzwa ni mgumu kufunzwa upya. Nasema haya mapema ili mjue kosa lilikuwa la nani.

Mama mmoja alifika kibandani mchana wa jua kali, akiwa ametoka Zombo kwa bodaboda. Alivaa gauni la kanisani na kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mistari ya kukunjwa dukani. Tulipokwisha kusalimiana aliketi, akanieleza shida yake bila kuzunguka. Binti yake aliondoka nyumbani miaka mitatu iliyopita akaenda kuolewa Mikumi, na mtu ambaye mama hakumtaka, kwa dini ambayo si ya nyumbani kwao. Siku ya kuondoka mama alisema maneno mlangoni. Hakuniambia ni maneno gani, na mimi, ambaye kwa kawaida hupenda kujua, siku hiyo nilinyamaza. Tangu hapo hawakuwa wamesemezana. Sasa binti amejifungua, na amemtuma mtu aje na karatasi yenye namba ya simu na ujumbe mfupi: kama mama ana moyo na mimi, anitumie picha yake niuone uso wake, nami nitamleta mtoto.

"Si umpigie tu, mama?" nikamwuliza.

"Maneno ndiyo yaliyotufikisha hapa," akasema. "Ameomba uso. Nimpe uso."

Simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe, kwa hiyo picha ingetumwa kutoka kwenye yangu. Umeme ulikuwa umekatika na taa zangu za ndani zilikuwa mapambo tu. Dereva wa bodaboda alikuwa anapiga honi nje. Nikampeleka mama uani, nikamsimamisha mbele ya ukuta, jua likiwa mgongoni kwangu, usoni kwake. Sala imetimia. Nikapiga picha nne haraka haraka, na baraka mnajua huwa zinakwenda wapi. Nikachagua moja nikiitazama kwenye kioo cha kamera chini ya jua lilelile, ambapo huwezi kuona chochote, nikaihamishia kwenye simu na kuituma. Mama akaaga. Angerudi wiki inayofuata kuchukua nakala ya kuning'iniza ukutani.

Jibu lilikuja kabla sijamaliza chakula cha mchana. "Nimeiona. Bado amenikunjia uso. Basi, nimeelewa."

Nilikwenda kuitazama picha kivulini, kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu na si ya fundi. Nyusi zilikuwa zimekutana katikati, pamefanyika mikunjo miwili mirefu. Macho yalikuwa mistari. Mashavu yamepanda, mdomo wa juu umevutwa, na vivuli vyeusi vimejaa chini ya nyusi kama mtu aliyekesha akinung'unika. Lugha yetu nayo haisaidii. Aliyekasirika amekunja uso, aliyechomwa na jua naye amekunja uso. Binti alikuwa amesoma alichokiona.

Nikamwandikia: dada, ni jua tu, mimi ndiye niliyemsimamisha vibaya. Akajibu: "Asante kwa kunituliza." Hakuandika tena. Hapo nilipata hofu kweli. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye, lakini kwa mama huyu mjukuu alikuwa ametangulia, na majuto nilikuwa nimeyaleta mimi.

Siku zilizofuata nilifanya kila ninachokijua. Kwenye kompyuta niliinua mwanga wa vile vivuli, ngozi ya chini ya nyusi ikaonekana. Nikailainisha mikunjo miwili ya katikati, kidogo tu, maana ukiifuta yote paji la uso linakuwa sahani. Uso ukapoa nusu. Lakini macho yalibaki mistari, na jicho lililofumba halina kitu cha kuvuta. Nikatafuta katika zile picha tatu nyingine, labda kuna moja ambamo macho yamefunguka niyahamishe. Zote nne alikuwa amefinya. Ningekuwa nimepiga ishirini ningejisamehe.

Mwisho nikageukia programu ya kwenye simu, ile yenye kitufe cha kufungua macho. Ukibonyeza inakutengenezea macho kwa kubahatisha. Ikayafungua. Yalikuwa makubwa, meupe, yanang'aa, macho ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Nilikaribia kuyatuma, naungama. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kilichonizuia hakikuwa uadilifu, ni aibu: kama binti angeuliza "huyu nani?", ningejibu nini?

Mama aliporudi nilimsomea majibu ya binti yake yote mawili. Nilikuwa nimefikiria kuyaficha. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kisha akaomba aione picha hiyo iliyomponza. Akaitazama.

"Hata mimi ningemwogopa huyu," akasema.

Nikamwonyesha na ile ya pili, yenye macho ya mtangazaji. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Na huyu ni mke wa nani? Mwanangu amenyonya akiniangalia macho, atanisahau?" Kisha akanigeukia, sauti ikiwa pole kabisa. "Wewe hukukusudia. Piga nyingine."

Sitayasahau maneno yale. Angeweza kunitangaza sokoni na ningestahili. Wapo wateja waliokwisha kunigombeza kwa kitu kidogo kama kola iliyopinda. Huyu nilikuwa karibu nimkoseshe mtoto na mjukuu kwa mpigo mmoja, naye aliniambia nipige nyingine, kama mtu anayeomba kuongezewa chai.

Siku hiyo umeme ulikuwepo, nikaanzia ndani. Haikufaa. Kila nilipoinua kamera alijikaza akiusubiri mmweko wa taa, nyusi zikajikusanya zenyewe. Tukatoka. Safari hii nilimkalisha barazani, chini ya bati, uso ukielekea uani kwenye mwanga lakini jua lenyewe lisimfikie. Nilitundika shuka jeupe ubavuni ili limwakisie mwanga machoni, pasiwe na vile vivuli. Mara ya kwanza nililitundika juani, likammulika usoni, akafinya tena. Ama kweli jua lina hila. Nikalisogeza ndani ya kivuli, mwanga ukatulia.

Nikamwambia, "Mama, tazama ule mgomba, ule wenye giza kwa ndani." Macho yaliyotoka kwenye mwanga hupumzika yakipewa kitu cheusi. Nyusi zikashuka. Lakini mdomo ulikuwa bado umebana. Haukuwa umebanwa na jua, ulibanwa na miaka mitatu.

"Sasa fumba macho," nikasema. "Legeza taya. Nitahesabu mpaka tatu, ufumbue. Usinitazame mimi. Huyo binti angekuwa amesimama hapa mlangoni sasa hivi, ungemwambia nini?"

Alifumba. Nikahesabu moja, mbili. Kabla sijafika tatu alisema, macho yakiwa bado yamefumbwa, "Ningemwuliza amekula?"

Akayafumbua akiwa kwenye neno hilo. Nikapiga, na nikaendelea kupiga, maana jicho lililotoka kupumzika hukaa wazi kwa muda mfupi tu kabla mtu hajakumbuka kwamba anapigwa picha. Ya tatu ndiyo ilikuwa yenyewe. Macho yake si makubwa. Yana wekundu pembeni, la kushoto limelegea kidogo kuliko la kulia, na yanauliza swali. Mikunjo ya umri ipo, yote. Sikuigusa. Niliongeza mwanga kidogo upande wa shavu la mbali na shuka, basi.

Mama akaiangalia. "Huyu namjua," akasema.

Niliituma na sikuandika neno. Nilikuwa nimejifunza kwamba maelezo yangu hayana thamani Mikumi. Tukakaa barazani. Nilimpikia chai, akanisimulia habari za mahindi na nguruwe pori. Simu ilikuwa kwenye stuli katikati yetu na kila mmoja wetu alijifanya haioni. Alama za ujumbe zikageuka bluu. Ameiona. Nikammiminia mama chai nyingine.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti. Nikaongeza sauti mpaka mwisho na kumsogezea mama simu. Kwanza zilisikika honi za malori ya barabara kuu, halafu mtoto akiguna, halafu mwanamke aliyekuwa analia na anajaribu kusema kwa wakati mmoja.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mama akaijibu simu papo hapo, ameinama kabisa juu ya stuli. "Marahaba. Umekula?"

Sauti iliendelea. Ilisema mtoto hajambo, ilisema Jumamosi watakuja na gari la asubuhi. Lakini mama hakuwa ameyasikia hayo, kwa sababu alikuwa anajibu salamu, na aliponyamaza kusubiri jibu la swali lake ujumbe ulikuwa umekwisha. Akanitazama akiwa na wasiwasi. Nikamweleza kwamba binti hamsikii, kwamba hii ni sauti iliyorekodiwa tu, na kwamba wanakuja Jumamosi.

"Najua," akasema, ingawa hakujua. "Irudishe."

Nikairudisha. Binti akatoa shikamoo, na mama akaitikia marahaba. Niliirudisha mara saba mchana ule, na mara zote saba aliitikia, salamu ya miaka mitatu, bila kuiacha hata moja ipite.