Pumzi ya Kupoza Uji

Mkuu wa shule aliponipa kazi ya kuandika maneno ya video, nilinuna. "Dakika mbili tu, mwalimu. Wape kidato cha nne moyo kabla ya mtihani wa taifa, tutaituma na kwenye kundi la wazazi." Dakika mbili! Mimi ndiye mwalimu wa ushauri nasaha hapa shuleni Kasingirima, Ujiji, nafundisha na Baiolojia, na madaftari ya kusahihisha yalikuwa yamenifika shingoni. Nilikubali kwa sababu ya binti mmoja.

Binti huyo alitoka Kagunga, kijiji cha wavuvi kandokando ya ziwa, akakaa kwa shangazi yake hapa Ujiji ili asome. Kwenye mtihani wa majaribio wa Hisabati alirudisha karatasi nyeupe. Si kwamba hajui, jamani, darasani ndiye anayewaelekeza wenzake. "Mwalimu, maswali nikawa nayaona tu, hayaingii," aliniambia huku analia. Mama yake anauza dagaa kumlipia mahitaji. Naye binti alikwishajiapiza: akikwama tena kwenye mtihani wa taifa, anarudi Kagunga kuanika dagaa, shule basi. Iliniuma sana. Nikamwambia maneno ya video atayasoma yeye.

Rasimu ya kwanza niliiandika kwa mbwembwe: "Vuta pumzi, ijaze kifuani, ibane. Njia hii inaondoa ugonjwa wa hofu." Nikampelekea muuguzi wa zahanati, shoga yangu wa siku nyingi. Alisoma, akashusha miwani.

"Huo ugonjwa umeupima wewe?"

"Aa, dada, ni lugha tu."

"Lugha tu! Hofu ya mtihani kila mtu anayo, usimwite mtoto wa watu mgonjwa. Na usiahidi usichokijua."

Akakata "inaondoa", akaandika "inaweza kukusaidia kutulia kidogo." Chini akaongeza kwamba ambaye hofu haimwachi, hali wala halali, azungumze na mtu mzima anayemwamini au aende kituo cha afya. Nilikasirika, maana sentensi yangu ilikuwa tamu. Lakini alisema kweli.

Neno "ibane" lilitupita wote wawili. Siku ya mazoezi nililisoma mbele ya darasa, na loo, nilisahau hawa ni watoto wa ziwani! Ukiwaambia wabane pumzi, wao wanajua jambo moja tu, kupiga mbizi. Mashavu yakavimba, mmoja akajiziba pua, nyuma wakaanza kushindana nani atakaa zaidi, na wengine wakihesabu kwa sauti. Kijana mmoja alitoa macho mpaka akashika dawati kwa kizunguzungu. "Pumueni, nyie! Mtaniua mimi!" nilifoka. Darasa zima likaangua kicheko.

Binti wa Kagunga ndiye hakucheka. Aliinua mkono taratibu. "Mwalimu, tusibane. Tutoe tu polepole, kama mtu anayepoza uji. Uji ukiupuliza kwa nguvu unakurukia."

Tukajaribu: kuvuta pumzi kwa pua, bila kujilazimisha, kisha kuitoa kwa mdomo, polepole, ndefu kuliko ile ya kuvuta. Darasa likatulia lenyewe. Muuguzi aliposikia alicheka, akasema hiyo imemtosha, ila tuwaambie anayeona kizunguzungu aache na apumue kawaida.

Tulirekodi darasani, kwa kuwa nje upepo wa ziwa uliifunika sauti. Alisoma vizuri: "Moyo ukienda mbio, si wewe peke yako. Weka kalamu chini. Poza uji wako mara chache, kisha anza na swali unaloliweza." Mwishoni, bila kuniuliza, akaongeza la kwake: "Na nyie wazazi na walimu, tukitoka msituulize tumefanyaje. Tuulizeni kama tumekula." Nilitaka kulikata. Nikaliacha.

Siku ya mtihani wa taifa wa Hisabati wasimamizi walitoka shule nyingine, sisi wenyeji haturuhusiwi kukaribia vyumba vya mtihani. Nilimwona kwa mbali akiwa kwenye foleni ya kupekuliwa, midomo ameisogeza mbele, anapuliza. Akaingia. Nilikaa ofisini na chai yangu hadi ikapoa, sikuinywa. Nilikuwa naomba Mungu tu, na kuikaripia saa ya ukutani.

Walipotoka alinijia moja kwa moja. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Macho yalikuwa mekundu, sikujua ni ya kilio au ya uchovu. Swali lilinikaa kooni: umefanyaje, mwanangu? Nililimeza, na mwenzenu kumeza maneno si kazi yangu.

"Umekula?" nikamuuliza.

Akaniangalia. "Sijala, mwalimu," akasema, machozi yakamtoka. "Nilikuwa naandika mpaka wakanipokonya karatasi."

Nikamshika mkono, tukaenda kwa mama ntilie pale nje ya geti, nikamwagizia ugali na samaki mzima, mgebuka wa ziwani.