Sifuri Nyekundu

Nkamasiai wa Maisaka alikuwa akishona namba yake ya simu kwa shanga kwenye kila bangili aliyowauzia watalii. Alianza na alama ya kujumlisha na 255 ya Tanzania, kisha namba yake nzima kama alivyoizoea, kuanzia sifuri. Sifuri hiyo aliishona kwa shanga nyekundu, duara kama boma la mama yake kule Simanjiro. Akawa anaota mchana, sindano mkononi, sauti za ng'ambo zikimtafuta kama ng'ombe waliopotea. Hakuna iliyofika.

Siku moja Anifa, anayemuuzia shanga dukani, aliisoma bangili kwa kidole.

“Mama Parsitau, sifuri hii ni ya kupigiana humu humu nchini. Ukishaweka +255 unaiacha, unaendelea na saba.”

“Nivunje boma langu?” Nkamasiai alinuna.

“Ndilo linalowafungia nje.”

Aliondoka bila kuaga. Nyumbani akaifumua sifuri, lakini hakuwa na moyo wa kuitupa, akaivaa sikioni kama hereni. Bangili ikaondoka na mama mmoja wa Norwei, ambaye Nkamasiai alimfundisha kutamka jina lake.

Mvua zilikuja, zikapita. Asubuhi moja simu ikaita, namba ikianza na +47 ya Norwei. Aliiweka kwenye sikio lenye hereni. Sauti ikatamka “Nkamasiai” polepole, ikijikwaa katikati. Mengine hakuyaelewa. Alikaa akisikiliza, duara jekundu likigusa simu, kama mtu aliyefungua lango na ng'ombe wanaingia mmoja mmoja.