Kikombe cha Mawese

Mimi ni mtu wa kushuku. Samaki sato nikimkuta sokoni mwaloni, hata akiwa na macho maangavu, namfunua mashavu kwanza ndipo niulize kama ni wa leo. Kwa hiyo siku mume wangu alipoambiwa hospitali kwamba lehemu mbaya, yaani kolesteroli, imejaa kwenye damu yake, na kwamba moyo umeanza kuelemewa, nilirudi nyumbani Kiseke nikaanza kutafuta mchawi.

Wa kwanza nilimpata jikoni. Ilikuwa ndoo ya mafuta meupe ya mawese ya kiwandani, yale yanayoganda kama sabuni. Nikaitoa. Badala yake nikaenda Mkuyuni kwa mama mmoja anayeletewa mawese mekundu kutoka Kigoma. Nilijiambia haya ni ya asili, hayajaguswa na mashine, na cha asili hakiui. Kwa kuwa niliyaona kama dawa, sikuyapima kwa kijiko. Nilimimina kikombe kizima cha chai kwenye sufuria ya maharage, kingine kwenye dagaa. Mume wangu ni fundi wa injini za mitumbwi, na kila asubuhi nilimfungia hotipoti ya kwenda nayo kazini.

Baada ya miezi mitatu akapimwa tena. Lehemu ilikuwa imepanda.

Nilimgeukia palepale, mbele ya muuguzi, nikamwambia amekula nyama. Mafundi wenzake huchoma mbuzi karibu kila Ijumaa, nani asiyejua? Akasema hajala. Nikamjibu kwamba damu haisemi uongo. Yeye akanyamaza, na mimi nikauhesabu ukimya ule kuwa ni kukiri. Wiki nzima nilinusa mashati yake kabla ya kuyafua. Nilimpigia hata fundi mwenzake, nikajifanya nauliza habari za injini, nikamchimba. Sikupata kitu, na hilo likanikasirisha zaidi.

Ndipo asubuhi moja ya baridi nikakuta chupa ya mawese imegawanyika: juu mafuta mekundu mepesi, chini uji mzito wa rangi ya chungwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikajua yule mama wa Mkuyuni anachanganya mafuta ya ndoo, nikamfuata na chupa yangu mkononi.

Hakubishana. Aliitia chupa kwenye sufuria ya maji moto, tukasubiri, uji wote ukayeyuka, mafuta yakawa mamoja.

"Dada, mawese kuganda ndiyo asili yake," alisema. "Yasipoganda kwenye baridi, hapo ndipo uniulize."

Nilishuku hata jibu hilo. Nikaibeba chupa hadi hospitali, kwa binti mtaalamu wa lishe, nikiwa na hakika atamuumbua yule mama. Mume wangu nilimwacha kwenye benchi nje.

Binti alinipa shikamoo, akatazama chupa, akasema mafuta haya ni mazuri, hayajachakachuliwa. Nikamuuliza, sasa yana tofauti gani na yale ya ndoo? Akanieleza kwamba yote hutoka kwenye tunda moja la mchikichi. Kiwandani wanayasafisha, wanatoa rangi na harufu. Ule wekundu ndio unaoupa mwili vitamini A, kama wa karoti, na huo hupotea.

"Lakini mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha lehemu, hayaondoki na rangi," alisema. "Mekundu au meupe, karibu nusu yake ni hayo. Ya alizeti ni kama sehemu moja tu kati ya kumi."

Akaongeza kwamba kijiko kimoja cha chakula cha mawese kina kama gramu saba za mafuta hayo. Kisha akaniuliza kwa upole huwa natumia vijiko vingapi. Sikuweza kumtajia kikombe. Nilisema nitakumbuka, nikatoka. Aibu ilinishika hadi masikioni.

Mume wangu alisogea kwenye benchi kunipa nafasi. Nilimwambia bila kukaa: si nyama, ni mawese, na aliyeyamimina ni mimi. Nilitegemea agombe. Ningependa agombe.

Hakugomba.

"Mimi nilijua sijala nyama," alisema. "Kwa hiyo vipimo vilipopanda, nikajua hata chakula kimeshindwa, basi ndiyo nakufa. Jumapili ile baada ya vipimo nilimpigia kaka, nikamkabidhi watoto."

Jumapili hiyo mimi nilikuwa uani, nanusa shati lake. Nikakaa. Nikamwomba simu, nikampigia shemeji mimi mwenyewe, kumwambia ndugu yake hafi, kosa lilikuwa mafuta yangu.