Jicho na Mashine Mbili

Jina la Jicho hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, enzi zile ukumbi wake wa gemu ulipokuwa na runinga mbili tu na mabenchi ya mbao, kwa sababu alikuwa akikaa nyuma kabisa, mgongo ukutani, halafu anasema, "Wewe, mpira ulivuka mstari," na mchezo ukirudishwa polepole, kweli ulikuwa umevuka. Hakuna aliyewahi kubishana naye akashinda. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuamuliwa ugomvi wao na Jicho. Jina hilo alilivaa kama mwingine anavyovaa koti la harusi.

Jengo lilikuwa la dada yake mkubwa, mjane, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke ambaye hata akipiga chafya hutazama kwanza nani yupo. Dada alimwachia ukumbi auendeshe kwa sharti moja tu: jina la baba yao lisiingizwe kwenye mdomo wa mtu.

Sasa tatizo lilikuwa hili. Tangu mwaka jana Jicho alikuwa haoni vizuri. Daktari alimwangalia kwa taa akamwambia mtoto wa jicho ameingia pande zote mbili, arudi wapange siku ya kumtoa. Hakurudi. Aliona kwamba siku Dada atakapojua, ukumbi utakwenda kwa mkwewe Dada, kijana anayeuza vyombo vya umeme mjini na ambaye kila akija hupima kuta kwa macho. Basi Jicho, mteja aliposhangaa mbona siku hizi hagundui kitu, alisingizia mashine ya kuchezea gemu.

"Hii ni ile ya kawaida, ya toleo la kwanza," alisema. "Imezeeka. Gemu mpya zinaishinda. Ukiiweka kwenye hali ya kasi, picha inakuwa uji. Tunahitaji ile yenye nguvu zaidi."

Uzuri wa uongo huu ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli. Gemu mpya ya wapanda farasi, iliyokuwa ikipendwa ukumbini, ilikuwa na hali mbili za kuchagua. Kwenye hali ya ubora mashine ilichora kila jani na kila kivuli, lakini picha zilikuja thelathini kwa sekunde, na farasi akawa mzito kugeuka. Kwenye hali ya kasi zilikuja sitini, farasi akawa mwepesi kama wazo, ila mashine ililazimika kuchora picha ndogo kisha kuivuta ijaze skrini, na vitu vya mbali vikapoteza ukali. Mashine mpya ilisifiwa kwamba inatoa vyote viwili kwa pamoja, ukali wa kule na wepesi wa huku. Jicho alilisema jambo hili mara nyingi mpaka likamfikia Dada.

Dada hakununua kitu kwa maneno. Alimwagiza mkwewe aazime mashine mpya dukani kwake, akaja nayo asubuhi moja kabla ukumbi haujafunguliwa. Walikuwapo pia Kinyozi wa duka la jirani, ambaye mdomo wake ulikuwa mkali kuliko nyembe zake, na Dereva wa lori, mteja wa miaka mingi. Dada aliwaita hao wawili kama mashahidi. Runinga mbili za aina moja ziliwekwa sambamba, mashine zikafunikwa kwa vitambaa vya meza.

"Tunataka kujua kitu kimoja," alisema Dada, amesimama kana kwamba kuna ubao nyuma yake. "Tofauti ipo? Na kama ipo, inatosha kununua? Basi."

Kinyozi alishika pedi ya kuchezea ya kushoto, Dereva ya kulia, wakapanda farasi wakapita njia ileile ya mlimani.

"Kushoto ndiyo ya zamani," alisema Dereva baada ya muda. "Iko kwenye kasi. Ona majani ya ule mti wa mbali, yameshikana."

"Na nyaya za uzio," alisema Kinyozi. "Zinametameta kama zinatetemeka. Lakini hapa nimeikaribia skrini kama namnyoa mtu. Ngoja nirudi nyuma."

Alirudi hadi kwenye benchi la wateja, akakunja macho, akacheka. "Hapa sioni kitu. Mama, kutoka hapa hizi ni pacha."

"Mpira je?" aliuliza Dada.

"Mpira hauna hali mbili, Mama," alijibu mkwewe. "Mechi inakwenda sitini kwenye zote. Na runinga hizi ni za zamani, hazionyeshi ule ukali wote wa mashine mpya hata ukiwepo."

Jicho alikaa kwenye kiti chake nyuma. Mbele yake palikuwa na mwanga wa kijani mara mbili na kitu cha kahawia kinachosogea katika kila mwanga. Lakini masikio yake yalikuwa mazima, na aliyaokota maneno yote: majani ya mbali, nyaya za uzio, kushoto ndiyo ya zamani. Aliyapanga kichwani kama mwanafunzi aliyeuziwa mtihani.

"Mdogo wangu," alisema Dada, "nenda kaniletee kiti chenye mgongo kule dukani kwa Kinyozi. Haya mabenchi yenu ni ya adhabu."

Aliporudi na kiti aliwakuta wamekaa vilevile. Vitambaa vilikuwa mahali pake. Kinyozi na Dereva walikuwa na pedi mikononi, farasi walikuwa wakienda.

"Tumebadilisha nafasi, au hatujabadilisha," alisema Dada. "Wewe ndiye uliyesema haziwezi kulinganishwa. Tuambie. Ipi mpya?"

"Nipe pedi kidogo, Dada."

"Pedi ya nini?" alidakia Kinyozi. "Unaitwa Jicho, huitwi Kidole."

Dereva alicheka kwa pua. Jicho alisogea mbele hatua chache, akasimama kwa mkao wake wa zamani, mikono nyuma, kidevu juu. Alihesabu akili ya dada yake. Dada angedhani yeye atashikilia kushoto ni ya zamani, kwa hiyo lazima amebadilisha.

"Kulia ndiyo ya zamani sasa," alisema. "Mmezigeuza."

Kinyozi na Dereva walitazamana.

"Unajuaje?" Dada aliuliza kwa upole, na upole huo ungemtisha kama angekuwa ametulia.

"Si unaona majani ya ule mti wa mbali? Kulia yameshikana. Halafu nyaya za uzio, zinametameta. Huku kushoto kila waya umesimama peke yake." Sauti yake ilianza kupata joto, kwa kuwa muda mrefu ulikuwa umepita tangu watu wanyamaze kumsikiliza hivyo. "Hii tofauti hata kipofu anaiona."

Kinyozi aliziba mdomo kwa mkono, akashindwa, akaanguka ubavu juu ya benchi. Dereva alipiga paja. "Mzee! Mzee, tuache tupumue!"

"Kuna nini?"

"Mjomba," alisema mkwewe Dada, naye alikuwa akijitahidi kuuweka uso wake sawa, "nimechomoa ile mpya. Hii ni mashine moja. Nimeigawa picha kwa kifaa, inakwenda kwenye runinga zote mbili. Ile ya zamani tu, pande zote."

"Pedi yangu hata haijawashwa," alisema Dereva, akaiinua juu. "Farasi wako wawili wanainua mguu mmoja kwa wakati mmoja! Wameanguka mtoni pamoja, wametoka pamoja! Hukuona?"

"Na uzio uko wapi?" alisema Kinyozi, machozi yakimtoka. "Tuko katikati ya mto, bwana! Jicho anahesabu nyaya za mtoni!"

Jicho alitazama mbele. Kijani mara mbili. Labda rangi ilikuwa ya buluu zaidi kuliko mwanzo.

Dada hakucheka. Alikaa kwenye kiti chenye mgongo, akanyoosha sketi magotini. "Nilipokuwa nafundisha, mtoto aliyenakili nilimpa swali moja mara mbili kwa maneno tofauti. Alinipa majibu mawili. Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mjinga mbele ya watu."

"Mwaka jana," alisema Jicho. "Ni mtoto wa jicho, Dada. Anatolewa. Daktari alisema anatolewa."

"Na ukanyamaza. Ukatafuta mashine ya kusingizia." Aligeuka kwa mkwewe. "Hiyo mpya irudi dukani leo. Tofauti ipo, ni ndogo, na hapa hakuna wa kuiona. Wengine kwa sababu ya benchi, wengine kwa sababu zao. Funguo za ukumbi utazichukua wewe."

"Dada, nikishatolewa..."

"Ukishatolewa ni siku nyingine. Leo mtaa mzima utajua kwamba mtoto wa baba yetu alisimama akasifia nyaya katikati ya maji. Hawa wawili wataanza kusimulia kabla sijafika barabarani." Kinyozi na Dereva waliinamisha vichwa, mabega yakiwatikisika. "Tutasema umepumzika. Ukae nyumbani. Nani ataleta ugomvi wake uamuliwe na wewe?"

Jicho alipapasa benchi mpaka akaipata pedi iliyowashwa, ile aliyoiachia Kinyozi. Hakuna aliyemzuia, kulikuwa na namna watu walivyomtazama sasa, kama mgonjwa anayeruhusiwa kushika chochote. Alimgeuza farasi kushoto, akamgeuza kulia. Vidole vyake vilisimama.

"Mmeiacha kwenye ubora," alisema. "Inachelewa. Hii ni thelathini, si sitini."

Dereva alichukua pedi, akafungua ukurasa wa mipangilio. Kicheko kilimkauka. "Ni kweli. Iko kwenye ubora. Nani aliibadilisha?"

"Mimi," alisema mkwewe. "Nilikuwa najaribu, nikasahau kuirudisha."

"Kwa hiyo hali hizi mbili zinatofautiana kweli," alisema Jicho haraka, akigeukia mahali alipodhani dada yake amekaa. "Kwenye mashine hiihii ya zamani, Dada. Mtu hahitaji mpya, anahitaji kujua ipi achague na kwa gemu gani. Mimi najua. Naweza kuwaambia wateja kwa mkono tu, sihitaji..."

"Unazungumza na kabati," alisema Dada kutoka upande mwingine.

Kinyozi alianza kucheka upya.

Mkwewe alimshika kiwiko, akampitisha kati ya mabenchi, akimwambia, "Hapa kuna ngazi, Mjomba," ngazi ambayo Jicho mwenyewe ndiye aliyeijenga. Nje wateja wa kwanza walikuwa wameshafika. Mmoja wao aliita, "Jicho! Leo tunacheza na ile mpya?"

Nyuma yake alimsikia Dada akijibu kwa sauti nzuri, ile ya mikutano ya wazazi, "Karibuni, wanangu. Mashine ni zilezile. Mwangalizi ndiye mpya."