Kofia ya Kijana Aliyepotea

Msonyo wa yule mama bado uko masikioni mwangu. Aliuachia mbele ya kompyuta ya Kuza, fundi wa picha wa studio yetu, tuliyemwita hivyo kwa kupenda kuikuza picha mpaka vinyweleo vihesabike.

Mwana wa mama huyo alikuwa ametoweka, na huu ulikuwa mwaka wa pili wa kubandika matangazo. Aliondoka na kofia ya bluu, lakini picha pekee iliyobaki ilimwonyesha kichwa wazi. Kuza aliiachia programu imvalishe kofia yenyewe, nayo ikazishusha nywele, ikayapunguza masikio, ikakifuta kivuli cha paji la uso.

“Fundi, huyu mtoto wa nani? Wangu ana masikio ya popo, niliyazaa mwenyewe!”

“Nisamehe, mama. Naanza upya.”

Akapiga picha kofia kama ile, mwanga ukitoka kushoto kama ulivyomwangukia kijana. Akaiweka kwenye tabaka lake la pekee juu ya picha ya kijana, uso wa chini asiuguse. Akaifuta kofia ilipofunika masikio, akaacha nywele za panjani zichungulie, kisha akapaka kivuli chepesi chini ya ukingo, juu ya kile cha zamani.

Mama akakigusa kioo kwa kidole, akakiacha hapohapo.

“Ndiye. Ndiye kabisa. Sasa watamtambua, au siyo, fundi?”

Kuza aliinama akatafuta karatasi za kuchapia, ingawa zilikuwa mbele yake.

“Watamtambua, mama,” alisema kwa sauti ndogo sana. “Wakimwona.”