Mshahara wa Mwenye Duka

Dada yangu, aliye na duka Kitale, alinifokea kwa simu. "Wewe unakula duka lako! Kila ukitaka pesa, unachota tu. Jilipe mshahara kila mwisho wa mwezi, kiasi kile kile, kama mtu aliyeandikwa kazi."

Nikapanga kujilipa shilingi elfu kumi, kiasi ambacho faida ya kiduka changu cha Kanduyi ingeweza kubeba. Mwisho wa mwezi nikazitoa kwenye droo ya pesa za duka, nikazitia kwenye pochi yangu. Nilijiona mtu wa maana.

Mwezi uliofuata rafu zilikuwa tupu kuliko zamani. Nikampigia kwa hasira, nikamwambia ushauri wake umenimaliza.

"Unga wa nyumbani unanunua wapi?" akauliza.

"Kununua? Si niko na duka!"

"Basi unajilipa mara mbili: mshahara, halafu unga wa bure."

Sikuelewa. Unga ni wangu, nitaununuaje kwangu? Lakini jioni hiyo nilitoa pesa kwenye pochi, nikaziweka kwenye droo, kisha nikachukua pakiti ya unga. Mteja aliyekuja kununua sabuni akanikodolea macho.

"Mama, ati unamlipa nani?"

Nilianza kumweleza, nikajichanganya, nikamkasirikia bure.

Tarehe kumi na nane pochi ilikauka, na nyumbani hakukuwa na sukari. Nikasimama mbele ya rafu yangu, chini ya kibao nilichoandika kwa mkono wangu: USIOMBE DENI LEO. Nilikisoma mara mbili, nisijue kama nami kinanihusu.