BH2 ya Dismas, B-2 ya Bridget

Ukimkuta Ndila kazini, mhariri wa ripoti kwenye ofisi ya mainjinia kule Ruiru, utadhani anacheza. Ripoti haisomi kutoka ukurasa wa kwanza kama mimi na wewe. Anachagua jina moja, analifuata sura hadi sura, kama jirani mdaku anayetaka kujua umerudi na nani. Kila anapolikuta anaandika daftarini: ukurasa gani, limeandikwaje, kimesemwa nini juu yake.

Jumanne hiyo alikuwa na kurasa mia mbili na kumi, kazi ya watu watatu. Shule moja ya Kiuu ilichimbiwa visima vitatu, na ripoti ilitakiwa kusema wanafunzi wanywe maji ya kipi. Dismas, aliyesimamia uchimbaji, aliviita BH1, BH2, BH3. Bridget wa maabara akaandika B-1, B-2, B-3. Oluoch, injinia mkuu, akahitimisha: pampu ifungwe BH2, maji ni mengi na salama.

Ndila alibakiza kuagiza kompyuta igeuze kila “B-” kuwa “BH”, mtindo uwe mmoja. Kidole kilikuwa tayari. Lakini akatazama daftari: BH2 ya Dismas, kina mita 212. B-2 ya Bridget, mita 148.

Kisima kinapunguaje? Akampigia Bridget.

“Bridget, sasa? Hizi namba ulizitoa wapi?”

“Kwani zimekukosea nini? Nilihesabu nilivyochota maji ya kupima. Nilianza na cha getini.”

“Na Dismas?”

“Aah, ya Dismas muulize Dismas!”

Dismas alikuwa amehesabu kwa mpangilio wa kuchimba. Ndila akawaomba wote wawili vipimo vya ramani vya kila kisima, akavilinganisha. Cha kwanza kilikuwa kile kile. Cha pili na cha tatu vilikuwa vimebadilishana namba.

“Wee Ndila,” Oluoch akaita, “ripoti inatoka saa kumi na wewe unapima visima?”

“Nauliza tu, Injinia. BH2 yako ndiyo B-3 ya Bridget. Hebu soma floraidi yake.”

Oluoch akasoma. Miligramu 3.1 kwa lita, na kikomo ni 1.5. Akavua miwani.

“Hii ingeharibu meno ya watoto wote. Na kama ungegeuza tu herufi?”

“Ripoti ingependeza sana. Hakuna ambaye angejua.”

Basi B-2 ikawa BH3, na B-3 ikawa BH2. Bridget akachora upya grafu, maana kompyuta haigusi maandishi yaliyo ndani ya picha. Mbele wakaweka jedwali la majina na mahali pa kila kisima. Oluoch akaandika upya uamuzi: pampu BH3, maji ni machache, tangi liongezwe. Saa kumi na moja ripoti ikatoka.

“Kesho naenda Kiuu kuwaonyesha mafundi visima,” Oluoch akamwambia Ndila. “Twende ukavione.”

Ndila hakuwahi kuona hata kimoja.

“Mdomo wa kisima ni mkubwa kiasi gani?”

“Kama kasufuria ka chai.”

“Hako tu? Mita mia mbili?” Akafungua daftari, akaanza kuandika maswali ya njiani.